Mdomo unafunga, neno linaendelea

"Ninatafsiri filamu ya Kiingereza iingizwe sauti ya Kiswahili. Mhusika keshafunga mdomo, Kiswahili changu bado kinaendelea. Nikate wapi?"

Usianze kukata, ndugu. Tazama kwanza midomo inapogusana, kwenye p, b na m. Maneno yetu huishia irabu, kwa hiyo Kiingereza kikiishia m, kama "Let's go home", "nyumbani" linaacha sauti ikining'inia. Niliwahi kukwama hapo: sentensi hiyo ya silabi tatu, uso umejaa skrini. "Twende nyumbani" ina tano, na midomo inagusana kabla ya mwisho. Nikaweka "Twende hima": silabi nne, m iko mwishoni, a ikatamkwa fupi. Nyumba ilishaonekana kwenye picha, hakukuwa na haja ya kuitaja. Mhusika akigeuka mgongo, rudisha tafsiri yako kamili, mradi iishe kabla picha haijabadilika.