Barua ya hundi iliyorudi

"Hundi ya mteja imerudi. Nimemwandikia 'hundi yako imekataliwa, lipa haraka', yuko kimya. Niandikeje? Nauza nyavu Kirumba, Mwanza."

Ndugu yangu, mteja hajui alipe kiasi gani wala vipi. Sababu ya hundi kurudi uinakili kama benki ilivyoiandika: "saini hailingani" ni tofauti kabisa na "salio halitoshi", na ukizichanganya unamvunjia mtu heshima bure. Ada weka ile tu uliyokatwa, uambatanishe nakala ya makato. Kwa mfano:

"Hundi yako namba 000214 ya sh. 1,850,000 imerudishwa na benki: salio halitoshi. Benki imetukata ada ya sh. 30,000, hivyo jumla ni sh. 1,880,000. Tafadhali lipa kabla ya Ijumaa, taslimu dukani au kwenye akaunti yetu iliyoandikwa hapa chini, ukitaja namba ya ankara. Kwa deni hili hatupokei hundi nyingine ya kawaida. Ukishalipa, utapewa risiti na kurudishiwa hundi hii."

Sentensi ya mwisho usiiache. Bila hiyo, mteja ataogopa kwamba utaipeleka hundi ile benki tena baada ya yeye kulipa, atoe fedha mara mbili.