Kwa mnaoanza kurenda bustani za nyumbani: hakikisheni jua la saa sita limekaa upande wake

Kuna kosa moja nililifanya mwanzoni kabisa na bado naliona kwa vijana wengi wanaoanza, ndo maana naandika. Nyumba ilikuwa Dar, uani mita 12 kwa 9, ukuta wa mita 2.2 upande wa kaskazini, mteja anataka matuta ya kuinua ya tofali, njia za kupita na toroli, mwembe, mipapai miwili na mlimao. Nikachora vizuri tu, tuta refu upana mita 1.2 kimo sentimita 40 nikalisogeza karibu na ule ukuta ili katikati pabaki wazi. Jua nikaliweka kwa macho, kama nilivyoona kwenye video za mafunzo za Wazungu, limelala kidogo linatokea kusini. Picha ikatoka safi, tuta linang'aa, mteja kafurahi akajenga vilevile.

Mwezi wa sita ananipigia, mchicha umerefuka vijiti vyembamba, majani yamepauka. Nikaenda saa sita mchana, tuta karibu lote liko kivulini, na akaniambia linakaa hivyo kutwa.

Sababu ni hii. Ulaya jua la mchana liko kusini mwaka mzima, ila Dar tuko kama nyuzi 6.8 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo jua linahama. Mwezi wa sita linapita kaskazini kwetu, kivuli cha mchana kinaangukia kusini, na mwezi wa kumi na mbili ni kinyume chake. Wiki ya kwanza ya Machi na karibu tarehe 10 Oktoba linapita juu ya kichwa kabisa, nguzo haina kivuli. Sasa ukuta wa kaskazini mwezi wa sita unazuia jua asubuhi, mchana na jioni, na ukipima kutoka ukutani kivuli cha asubuhi kinaingia ndani zaidi kuliko cha mchana, yani lile tuta halikuwa na saa yake hata moja ya maana.

Kwa hiyo kabla hujapanda hata mti mmoja kwenye faili, weka kaskazini sawa. Kwenye Blender mimi natumia add-on ya `Sun Position`, na yenyewe inachukulia kaskazini ni mhimili wa Y, kama ramani ya kiwanja imekaa upande mwingine unarekebisha kwenye `North Offset`. Kwa Dar najaza hivi:

```
Latitude: -6.8
Longitude: 39.28
UTC Zone: 3
Day: 21   Month: 6
Time: 12.41
```

Hiyo 12.41 ni saa sita na dakika 25 hivi, maana jua letu linafika kileleni likiwa limechelewa kidogo kuliko saa ya ukutani. Halafu simamisha nguzo ya mita 1 katikati ya uwanja. Tarehe 21 Juni kivuli chake kiwe kama sentimita 58 kuelekea kusini, tarehe 22 Desemba kama sentimita 30 kuelekea kaskazini. Kikienda kwingine ujue kaskazini yako imepinda, usiendelee mpaka uirekebishe.

Kwa yule mteja tulivunja tuta (inauma, tofali zilishalipiwa) tukapitisha njia ya sentimita 90 ukutani na tuta likaanzia mita 1.5 kutoka ukutani. Piga hesabu na wewe, ukuta umebaki mita 1.8 juu ya udongo wa tuta, zidisha 0.58 unapata kama mita 1.05, kwa hiyo mchana kivuli hakifiki kwenye tuta, kinagusa asubuhi na jioni tu. Mwembe ulikuwa bado mche, tukauhamishia kusini, mwezi wa sita kivuli chake kinaenda mbali na mboga. Na mwembe msiuchore mche tu, tengenezeni renda ya pili ukiwa mkubwa maana ile taji inapanuka sana, mpapai hauna shida hiyo.

Kitu cha mwisho, mwanga wa saa sita ni mgumu kuupendezesha, majani yanaungua meupe na chini ya mti panakuwa giza. Wengi hapo wanashusha jua mpaka nyuzi 45 ili vivuli viwe virefu vizuri, na ndo unarudi kumdanganya mteja. Liache jua mahali pake, punguza `Exposure` kidogo, majani uyachanganyie `Translucent BSDF` mwanga upenye, na njia uipe rangi halisi ya mchanga wetu mweupe, utaona unarudisha mwanga wenyewe chini ya mwembe. Kama mteja anataka pia picha ya jioni mpe, ila andika saa na tarehe kwenye kona ya kila picha.