Chati ya kawaida au yenye safu za idara: faili la mkopo lilitufundisha

"Wakuu, nimepewa kazi ya kuchora jinsi maombi ya mkopo yanavyotoka idara moja kwenda nyingine ofisini kwetu. Nitumie chati mtiririko ya kawaida au ile yenye safu za idara, kama mistari ya bwawa la kuogelea? Meneja anaitaka Ijumaa."

Mkuu, chora yenye safu. Ile ya kawaida utaihitaji pia, ila kwa sehemu moja tu ya safari, nitakuonyesha ipi. Nimefanya kazi hii kwenye chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, na nilianza na chati ya kawaida, kwa hiyo nayajua yote mawili kwa vitendo.

Chati yangu ya kwanza ilikuwa na visanduku kumi na kitu, vimeshuka toka juu mpaka chini: pokea fomu, hakiki akiba, hakiki wadhamini, thibitisha mshahara, peleka kamati, andaa malipo, lipa. Nikaipeleka kwenye kikao, kila mtu akakubali kwamba ndivyo tunavyofanya, ikabandikwa ukutani. Wanachama wakaendelea kusubiri mkopo siku 12 za kazi kama mwanzo, na mimi sikuwa na cha kuwaambia, kwa sababu kwenye mchoro wangu hapakuwa na kitu kinachoonekana kibaya. Hatua zilikuwa sahihi na mpangilio ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni jibu la swali moja: hapa faili liko mikononi mwa nani?

Safu zinajibu hilo. Unagawa karatasi kwa mistari ya wima, kila safu ina jina la idara au mhusika juu yake, na kila kisanduku kinakaa ndani ya safu ya anayefanya hiyo kazi. Mshale ukikata mstari, faili limebadilisha mikono. Kwa mkopo hapo ndipo siku zinapopotelea, kwa sababu kazi yenyewe ni ndogo. Tulibandika kikaratasi kwenye mafaili 20, kila mtu akaandika saa aliyolipokea na saa aliyoliachia. Ukijumlisha muda ambao mtu alikuwa amelifungua faili na kulifanyia kazi, haukufika saa tatu. Siku zilizobaki zote faili lilikuwa kwenye trei ya mtu likisubiri.

Safu zetu zilikuwa saba: mwanachama, mapokezi, afisa mikopo, uhasibu, mwajiri, kamati ya mikopo na meneja. Usimsahau mwajiri ingawa yuko nje ya ofisi, maana barua ya kukubali makato ya mshahara inatoka kwake, na mafaili yanakaa huko. Nilichukua faili moja la mkopo uliokwishalipwa, nikalifuata mhuri kwa mhuri. Usianze kwa kumuuliza mkuu wa idara, atakueleza utaratibu unavyotakiwa kuwa. Faili linakuonyesha lilikopita kweli.

Lile faili lilikata mistari mara 14. Mwanachama kwenda mapokezi, mapokezi kwenda kwa afisa mikopo. Afisa anataka kujua salio la akiba na deni la zamani, analipeleka uhasibu, linarudi. Anafungua ukurasa wa wadhamini, anakuta nao akiba zao lazima zithibitishwe, analipeleka uhasibu tena, linarudi tena. Linakwenda kwa mwajiri na kurudi. Linakwenda kamati na kurudi. Kisha uhasibu kuandaa malipo, meneja kusaini, kurudi uhasibu, na mwisho mwanachama analipwa.

Sasa angalia ile mara ya pili kwenda uhasibu. Kwenye chati yangu ya kwanza ilikuwa visanduku viwili vinavyofuatana, "hakiki akiba" na "hakiki wadhamini", mshale mfupi katikati, safi kabisa. Kwenye mchoro wa safu ilionekana kama mshono wa cherehani: kwenda, kurudi, kwenda, kurudi, kati ya safu zilezile mbili. Na uhasibu walikuwa na sababu ya haki kabisa ya kuchelewa, wao walishughulikia mafaili jioni baada ya kufunga hesabu za siku. Faili likifika asubuhi linapatikana kesho yake. Kwa hiyo kila safari ya kwenda na kurudi ilikula siku nzima, wakati mwingine mbili, hata kama kuangalia salio ni kazi ya dakika tano.

Tulichofanya ni kuweka ukurasa mmoja wenye nafasi ya salio la mwombaji na la wadhamini wake wote, na mapokezi wakawa wanalipeleka faili uhasibu kwanza, ndipo liende kwa afisa mikopo. Hesabu mwenyewe: zamani toka mapokezi mpaka afisa anapata taarifa zote mistari ilikatwa mara tano, sasa mara mbili. Jumla ikashuka toka 14 hadi 11, na muda ukapungua karibu siku mbili. Hatukuongeza mfanyakazi wala kununua mfumo.

Kitu cha pili ambacho safu zinafanya, na hiki ndicho nilichokipenda kuliko vyote, ni kulazimisha kila uamuzi uwe na mwenyewe. Nilikuwa na umbo la almasi lililoandikwa "Fomu imekamilika?" Kwenye chati ya kawaida lilielea tu pale juu na hakuna aliyeuliza. Siku ya kuchora upya tulitandika karatasi ya manila mezani, nikalishika lile karatasi la kunata mkononi nikauliza nilibandike safu ipi. Dada wa mapokezi akasema, "Sisi tunapokea na kugonga mhuri, anayekagua ni afisa." Afisa mikopo akamgeukia: "Mimi fomu ikifika kwangu najua ninyi mmeshaikagua." Wakatazamana. Ndiyo maana tulikuwa na mafaili yanafika mpaka kamati hayana saini ya mdhamini wa pili. Kamati ilikaa kila Alhamisi, kwa hiyo faili likirudishwa kwa saini moja linasubiri Alhamisi nyingine. Almasi ile tukaibandika mapokezi, na dirishani ikawekwa orodha ya viambatisho vitano vya kuhakiki mwanachama akiwa bado amesimama pale.

Kwa hiyo ukifika kwenye almasi, usiibandike katikati ya mstari ili kuwaridhisha watu wa pande zote mbili. Lazima ikae kwenye safu moja. Wakishindwa kukubaliana, umepata tatizo halisi, liandike pembeni ulipeleke kwa meneja.

Sasa, ile ya kawaida inaingia wapi? Ndani ya safu ya afisa mikopo, kwenye tathmini. Pale hakuna faili linalohama, kuna mtu mmoja anafuata masharti mengi. Kwetu mkopo haukuzidi mara tatu ya akiba, wadhamini walitakiwa wawe na akiba isiyofungwa kwenye udhamini mwingine, na baada ya makato yote mwanachama alitakiwa abaki na angalau theluthi ya mshahara wake wa msingi. Chukua mtu mwenye mshahara wa 900,000, theluthi yake ni 300,000. Makato aliyonayo tayari ni 380,000, na marejesho ya mkopo anaouomba ni 250,000 kwa mwezi. Anabaki na 270,000, hajafikisha. Je, unamkatalia, unampunguzia kiasi, au unaongeza miezi ya kulipa ili marejesho yashuke hadi 220,000? Ukiongeza miezi, je, bado yuko ndani ya muda wa juu unaoruhusiwa? Ona jinsi maswali yanavyozaa maswali.

Nilijaribu kuyaingiza yote hayo kwenye mchoro wa safu. Safu ya afisa ikawa mnara wa almasi, safu nyingine sita nyeupe pembeni yake, na mishale ya kuvuka mistari, ambayo ndiyo niliitaka ionekane, ikapotea. Nikayatoa. Kwenye mchoro wa safu kikabaki kisanduku kimoja, "Tathmini ya mkopo (tazama karatasi ya 2)", na karatasi ya 2 ikawa chati mtiririko ya kawaida, ya huyo afisa peke yake. Afisa mgeni akaja akaibandika mbele ya meza yake, akawa anaitumia kila siku. Mchoro wa safu hakuuhitaji sana. Waliouhitaji ni meneja na wakuu wa idara.

Kipimo ninachokitumia mpaka leo ni hiki: ukitazama chati yako ya kawaida ukaona visanduku vitano vinavyofuatana vyote ni vya mtu yuleyule, hapo safu hazikuongezei kitu. Ukiona kila baada ya kisanduku kimoja au viwili mhusika anabadilika, chati ya kawaida inakuficha jambo.

Kuna mambo machache ya uchoraji yaliyonisumbua, nawe yatakusumbua. Safu ziite kwa cheo au idara, kamwe si kwa jina la mtu. Kwetu kulikuwa na mhasibu mmoja anayefanya pia kazi ya mapokezi mchana, na nilipomwandika kwa jina lake makabidhiano kati ya mapokezi na uhasibu yakapotea kwenye mchoro kwa sababu alikuwa anajikabidhi mwenyewe. Pili, safu zinazopeana faili mara nyingi ziweke jirani. Mwanzo niliziweka kwa ngazi ya vyeo, meneja kwanza, matokeo yake mshale wa afisa kwenda uhasibu ulivuka safu tatu zisizohusika na hakuna aliyeweza kuufuata kwa macho. Na faili likirudishwa, mshale urudi kwenye kisanduku kilekile linakorudi kweli. Usiurudishe "Mwanzo" kwa sababu ni rahisi kuchora.

Halafu jua kwamba safu zenyewe hazionyeshi muda. Mshale wa kwenda kamati una urefu uleule na mshale wa kwenda kwa meneja aliye mlango wa pili. Ndiyo maana nikasema mafaili 20 na kikaratasi. Kwenye kila mshale unaokata mstari andika muda wa kusubiri: "siku 1", "siku 1 hadi 6", "nusu saa". Andika kiwango cha chini na cha juu, kwa sababu wastani peke yake unaficha lile faili lililofika Ijumaa na kusubiri kamati ya Alhamisi.

Kwa Ijumaa huna muda wa kufuatilia mafaili 20. Chukua matatu yaliyolipwa mwezi uliopita, soma mihuri na tarehe, chora kwa penseli na karatasi za kunata, kisha tembea nayo idara kwa idara uwaulize kila mmoja kama safu yake iko sawa. Ukishaafikiana nao ndipo uihamishie kwenye kompyuta, draw.io inatosha. Kona ya juu andika faili linakata mistari mara ngapi. Meneja wangu alianza kusoma hapo.