Maiki mbili, chumba kimoja: kuteremsha geini hakuondoi mvujo

Swali: Fundi, mimi na mwenzangu tunarekodi podikasti sebuleni hapa Kisumu. Tuna maiki mbili za kondensa na intafesi moja. Tunakaa bega kwa bega kwenye sofa, maiki ziko kwenye meza ndogo mbele yetu. Kila mmoja ana treki yake, lakini tukizicheza pamoja tunasikika kama tuko ndani ya tangi la maji. Nimeteremsha geini mpaka tunasikika kwa mbali, na bado. Kuna jamaa anatuuzia trei za mayai za kubandika ukutani pamoja na programu ya kuondoa mvujo. Tununue?

Jibu: Msinunue kitu. Rudisheni geini yenu mahali pake kwanza, maana hilo la kuteremsha geini ndilo linalonichosha. Hakuna wiki inayopita hapa Nakuru bila mtu kuniletea rekodi hafifu akidhani ameupunguza mvujo.

Geini haijui sauti ni ya nani. Ukiishusha kwa desibeli 10, sauti yako inashuka 10 na sauti ya mwenzako iliyovuja kwenye maiki yako nayo inashuka 10. Halafu wakati wa kuhariri unaipandisha treki ili isikike, na vyote viwili vinapanda pamoja. Kinachoamua mvujo ni tofauti kati ya hizo sauti mbili zinapofika kwenye maiki, na tofauti hiyo inatokana na mahali maiki ilipo na upande inaoelekea. Kitufe cha geini kinakuja baadaye.

Tuchukue sofa yenu. Nikikisia, maiki yako iko sentimita 50 mbele ya mdomo wako, na mwenzako yuko sentimita 70 kando yako. Mdomo wake basi uko kama sentimita 86 kutoka kwenye maiki yako, hata mara mbili ya umbali wako haufiki. Isitoshe, yuko upande ambao maiki bado inasikia vizuri, kwa sababu maiki ya kadioidi, yaani inayosikia zaidi mbele, imeziba mgongoni, si ubavuni. Ukijumlisha umbali na pembe, sauti yake inaingia kwenye maiki yako ikiwa chini ya yako kwa desibeli 7 hivi. Kwa kazi hii, hizo ni chache mno.

Na lile tangi la maji linatoka hapo hapo. Sauti yako inafika kwenye maiki yako, kisha baada ya kama milisekunde 1 inafika kwenye ile ya mwenzako, kwa kuwa ina sentimita 36 zaidi za kusafiri. Ukizichanganya treki mbili, baadhi ya masafa yanaongezeana na mengine yanafutana, na shimo la kwanza linaangukia karibu na hezi 500, katikati kabisa ya sauti ya mtu anayezungumza. Wengine hujaribu kusogeza treki moja kwa hiyo milisekunde. Wakisogeza, sauti ya mmoja inapona na ya mwingine inaharibika maradufu, kwa sababu mvujo wake unakuja kutoka upande wa pili.

Sasa ondokeni kwenye sofa. Leteni meza ya kulia chakula, mkae mkitazamana, mdomo kwa mdomo kama sentimita 120. Kila maiki iwe sentimita 10 kutoka kwa mwenyewe, uso wake ukimwelekea yeye na mgongo ukimwelekea mwenzake. Mdomo wa mwenzako sasa uko sentimita 110 kutoka kwenye maiki yako, mara 11 ya umbali wako, na hizo peke yake ni desibeli 20 hivi, kabla hata ya kuhesabu kwamba anazungumza kwenye mgongo wa maiki. Hapo mvujo unabaki mdogo kiasi kwamba ukichanganya treki hakuna anayeusikia.

Ukikaribia hivyo, sauti nzito itavimba na herufi p na b zitapiga upepo. Iweke maiki kidogo kando ya mdomo, huku ikiuelekea, uweke na kizuia pumzi. Kama mmoja wenu ana sauti ya chini, asogee karibu zaidi badala ya kuongezewa geini, kwa sababu geini ikiongezwa kwenye maiki yake, mwenye sauti kubwa ndiye atakayevuja humo zaidi. Vilele vya sauti vikiwa karibu na desibeli −12 kwenye mita, mko sawa. Na sikilizeni kwa hedifoni, spika zikiwa zimezimwa.

Mtaambiwa pia mnunue maiki za dainamiki kwa sababu "hazichukui sauti ya mbali". Zinachukua. Ukiiweka dainamiki pale pale mlipoweka kondensa, sentimita 50, kisha ukaipandisha geini mpaka usikike, mvujo utabaki karibu ule ule. Sifa yake inatokana na watu kuizoea karibu na mdomo.

Kuhusu hiyo programu, nyingi ya aina hiyo ni geti ya sauti tu: inafunga treki ya anayenyamaza. Wewe ukisimulia peke yako, inafanya kazi. Lakini mazungumzo yetu si ya kunyamaziana. Mwenzako atasema "eeh", atacheka, atadakia, na kila anapofanya hivyo geti yake inafunguka na sauti yako inaingia nayo, basi unasikika ukigeuka ghafla kutoka sauti safi kuwa ya tangi, kisha safi tena. Hilo linaudhi zaidi kuliko mvujo wenyewe. Mkishatenganisha desibeli 20, mnaweza kushusha kwa mkono treki ya anayesikiliza kwa desibeli 8 au 10 bila kuizima, na hakuna atakayegundua.

Trei za mayai ndizo zinanipandisha presha. Mvujo mnaoulalamikia unatoka mdomoni na kwenda moja kwa moja kwenye maiki, ukutani haupiti. Hata ule mwangwi unaopita ukutani, karatasi ile nyepesi haiuzuii vya kutosha. Kama sebule ina tailisi na kuta tupu, tandikeni zulia, halafu tundikeni blanketi nzito au msimamishe godoro nyuma ya kila mzungumzaji, kwa sababu maiki yake inatazama upande huo. Mvua ikianza kupiga mabati mchana, achaneni na kurekodi, hapo hata mimi sina dawa.

Kipimo hakihitaji pesa. Wewe zungumza nusu dakika, mwenzako anyamaze, kisha mbadilishane. Kama mnatumia Audacity na treki zimetoka pamoja, zitenganishe kwa `Split Stereo to Mono`. Chezeni sehemu yako huku mkizima na kuwasha treki ya mwenzako. Sauti yako ikibadilika rangi anapowashwa, bado mko karibu mno au maiki zimegeuka vibaya. Isipobadilika, mmemaliza.

Na huyo jamaa akirudi na trei zake, mwambieni afanye kipimo hicho hicho mbele yenu, kabla ya kubandika na baada, kabla hamjatoa shilingi. Wauzaji wa namna yake wamejaa kila mji, wanauza povu, trei na programu kwa watu ambao hawajasogeza kiti.