Umio wa Barrett: maswali yenu kuhusu kiungulia cha miaka mingi, kamera na saratani

"Habari za kazi, daktari. Nina miaka 58, naishi Leicester. Kiungulia ninacho tangu ujana. Mwezi uliopita nilipimwa kwa kamera nikapewa karatasi: umio wa Barrett, C1M4, hakuna displasia, nirudi baada ya miaka 3. Mtandaoni wanasema hiyo ndiyo njia ya saratani ya koo. Usingizi sipati. Ninayo au sina?"

Salama, ndugu yangu. Huna.

Umio wa kawaida umetandikwa ndani na utando mweupe unaoelekea waridi, wa aina ile ile iliyo ndani ya shavu lako. Utando huo haukuumbwa kukaa na asidi. Asidi na nyongo zikipanda kutoka tumboni mwaka baada ya mwaka, sehemu ya chini ya umio huungua na kupona mara nyingi, na kwa baadhi ya watu inapopona huota utando wa aina nyingine, mwekundu zaidi, wenye seli zinazofanana na za utumbo. Seli hizo hutoa ute na huistahimili asidi vizuri zaidi. Hali hiyo imepewa jina la Norman Barrett, daktari wa upasuaji wa London aliyeandika habari zake mwaka 1950. Mwenyewe alidhani anachokiona ni tumbo lililovutwa kifuani. Wenzake walimpinga, na mwaka 1957 akakubali kwamba ni umio.

Zile herufi ni vipimo vya urefu tu. Daktari huanza kupima pale mikunjo ya tumbo inapoishia, akipanda juu. C1 maana yake utando mpya umezunguka umio mzima kwa sentimita 1. M4 maana yake ulimi wake mrefu kuliko zote umefika sentimita 4. Maneno yenye uzito kwenye karatasi yako ni "hakuna displasia", yaani seli zimebadilika aina lakini bado zina mpangilio wake.

Sasa hiyo njia ya saratani. Chukua watu 1,000 wenye umio wa Barrett usio na displasia. Katika mwaka mmoja, wanaopata saratani ni wawili au watatu hivi. Ukiwafuata miaka 10, ni kama 20 hadi 30, na wengine zaidi ya 970 hawaipati. Wako urefu umezidi sentimita 3, kwa hiyo hatari iko juu kidogo kuliko ya mwenye sentimita 1 au 2, lakini bado ni ndogo. Mtandao haukudanganya, ila ulisoma habari kwa kurudi nyuma. Wengi wanaopata aina hii ya saratani walipitia hali ya Barrett. Wengi wenye hali ya Barrett hawafiki huko. Mwanamume wa miaka 58 mwenye presha na kitambi anayekuja kwangu na karatasi kama yako, mimi huuliza kwanza habari za moyo wake, kwa sababu huko ndiko hatari kubwa iliko.

"Mimi ni yule yule wa Leicester, naomba kuongeza. Kwa nini miaka 3 na si kila mwaka? Na mbona walinikata vinyama vingi vile, zaidi ya 8?"

Nianze na vinyama, kwa kuwa ndivyo vinavyoeleza miaka.

Displasia mara nyingi haina uvimbe wala kidonda. Inaweza kuwa kiraka kidogo kwenye utando unaoonekana sawasawa, na kamera ikapita juu yake. Kwa hiyo utaratibu ni huu: daktari kwanza husafisha ute na mapovu, kisha hutazama polepole, angalau dakika 1 kwa kila sentimita ya utando wa Barrett. Penye kitu chochote cha ajabu, kidoa, kijimwinuko, mahali palipopoteza vijitundu vyake vya kawaida, anachukua kinyama na kukiweka kwenye chupa yake peke yake. Baada ya hapo anachukua vinyama 4 kuzunguka umio, anapanda sentimita 2, anachukua vingine 4, hivyo hivyo hadi juu. Kwako wewe hesabu hiyo inafika haraka 8 au 12. Baadhi ya vituo hupuliza kwanza asidi ya siki iliyozimuliwa. Utando wote hugeuka mweupe, na sehemu yenye displasia huwahi kupoteza weupe huo kabla ya jirani zake. Hapo daktari anajua pa kukata.

Kama kipimo kilikwisha ndani ya dakika 3 na vikachukuliwa vinyama 2, basi mwaka wa kurudi hauna maana sana, maana hujui kilichoachwa. Uliza. Ni haki yako kujua ni vinyama vingapi vilichukuliwa na katika sentimita zipi.

Ama miaka: mabadiliko kutoka Barrett tupu hadi saratani kwa kawaida huchukua miaka mingi, na kwa hatari ya 2 au 3 katika 1,000, kumeza kamera kila mwaka ni kumchosha mtu bure. Miongozo mingi inasema chini ya sentimita 3 urudi baada ya miaka 5 hivi, na kuanzia sentimita 3 baada ya miaka 3 hivi. Uingereza hali kadhalika, kwa tofauti ndogo.

Hata hivyo kipimo hiki kina mipaka yake. Mwaka 2025 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza. Watu zaidi ya 3,400 wenye umio wa Barrett waligawanywa mafungu mawili: wengine kamera kila miaka 2, wengine kamera pale tu dalili zinapotokea. Baada ya miaka 10 na zaidi, vifo kwa jumla havikutofautiana kwa kiasi cha maana, na waliopata saratani ya umio walikuwa kama 2 kati ya 100 katika kila fungu. Mimi sisemi uache miadi yako. Una sentimita 4, una miaka mingi mbele, na ugonjwa ukikamatwa mapema unatibika bila kupasua kifua. Ila ukiahirishiwa miadi miezi michache kwa sababu ya foleni, usihesabu siku kwa hofu.

"Asalaam alaykum daktari. Niko Muscat. Mzee wangu ana miaka 67, majibu ya vinyama yamerudi na displasia ya daraja la chini. Daktari mmoja anasema tuangalie tu, mwingine anasema achomwe. Tufuate yupi?"

Waalaykum salaam. Kabla ya kufuata yeyote, ombeni vile vioo vya maabara visomwe na mtaalamu wa pili wa patholojia, awe anayesoma vinyama vya njia ya chakula kila siku. Huko si kumvunjia heshima wa kwanza. Displasia ya daraja la chini ndilo jibu linalowagawa wataalamu kuliko yote, kwa sababu utando uliowaka kwa asidi huzitia seli zake vurugu zinazofanana nayo. Uholanzi walirudia kusoma vinyama vya wagonjwa 147 waliopewa jibu kama la mzee, matokeo yakatolewa mwaka 2010: asilimia 85 walishushwa daraja, yaani jibu likawa hawana displasia au haina uhakika. Lakini wale wachache waliothibitishwa, hatari yao ilikuwa kubwa kweli, zaidi ya 10 katika kila 100 kwa mwaka kufikia displasia ya daraja la juu au saratani. Jibu lile lile, watu wa aina mbili. Ndiyo maana madaktari wenu wanapishana.

Tazameni pia ripoti ya kamera. Kama imetaja umio kuwa na vidonda au michubuko siku ile, mzee apewe dawa kamili ya kuzuia asidi kwa wiki 8 hadi 12, kisha apimwe upya. Bila hivyo mnasoma moto, si displasia.

Ikithibitishwa mara ya pili, mimi naegemea kwenye kuchoma. Kinachotumika ni joto la mawimbi ya redio, kupitia kamera, linalounguza utando wa juu tu. Kisha, asidi ikiwa imezuiwa, utando wa kawaida huota mahali pake. Katika utafiti wa Ulaya wa mwaka 2014, waliofuatiliwa tu kwa miaka 3, kama 26 katika 100 waliendelea hadi daraja la juu au saratani. Waliochomwa, kama 1 au 2. Kuchoma kwenyewe huhitaji awamu kadhaa, kifua huuma kwa siku chache, na baadhi hubaki na umio uliobana kidogo, ambao hupanuliwa kwa puto. Kama mzee ana maradhi mengine mazito, kumfuatilia kwa kamera kila baada ya miezi 6 na baadaye kila mwaka si uzembe.

"Shikamoo daktari. Natumia omeprazoli, kiungulia kimeisha kabisa. Si niache sasa? Mimi nina huo umio wa Barrett. Tanga."

Marahaba. Usiache. Utando wa Barrett hausikii asidi kama utando wa kawaida, kwa hiyo maumivu kuisha si kipimo cha kilicho ndani. Meza nusu saa kabla ya chakula, si baada ya kula wala wakati wa kulala tu. Dawa haifuti Barrett iliyokwisha kuota, usitegemee hilo. Kazi yake ni kuzuia kuungua kupya. Na usijiongezee aspirini kwa kuwa umesikia inakinga: uamuzi huo unapimwa na daktari pamoja na hatari ya kutokwa damu tumboni.

"Niko Bomet. Huku saratani ya umio imetumalizia watu, hata mjomba. Nina miaka 34, kiungulia mwaka mmoja. Nipimwe hiyo Barrett?"

Pole kwa mjomba. Saratani inayosumbua Bomet na ukanda mzima wa mashariki mwa Afrika kwa sehemu kubwa ni ya aina nyingine. Huota kwenye utando ule wa kawaida, haipitii Barrett, na kiungulia si chanzo chake. Inahusishwa zaidi na tumbaku, pombe na vinywaji vya moto mno. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, kwa hiyo chai iache ipoe kidogo.

Barrett hutafutwa kwa mwenye kiungulia cha miaka 5 na zaidi aliyebeba mambo kadhaa kwa pamoja: mwanamume, umri zaidi ya miaka 50, kitambi, sigara, ndugu wa karibu mwenye tatizo hilo. Huonekana zaidi kwa Wazungu kuliko kwetu. Wewe bado hujafika huko. Lakini ugali ukianza kukwama kifuani, ukalazimika kuusukuma kwa maji, au ukikonda bila sababu, ukitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, nenda hospitali yenye kamera wiki hiyo hiyo, iwe una miaka 34 au 70, na usikubali kurudishwa nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo kabla umio haujatazamwa.