Miguu inawaka moto: je, apumzike dawa za TB sugu?

"Daktari, mume wangu yuko mwezi wa nne wa dozi ya miezi sita ya TB sugu. Kikohozi kimeisha, ila usiku nyayo zinawaka moto. Mtu wa dawa za asili anasema aache vidonge wiki mbili asafishe damu. Apumzike?"

Hapana, dada. Asiache hata siku moja, na mpeleke kliniki kesho.

Katika dawa zake nne, yaani bedakwilini, pretomanidi, moksifloksasini na linezolidi, inayochoma miguu karibu kila mara ni linezolidi, miligramu 600 kwa siku. Huumiza neva kuanzia vidoleni, kisha hupanda. Usiku huu mwambie afumbe macho, umguse kidole gumba cha mguu kwa pamba, halafu kifundo. Asipoihisi pamba, waeleze wauguzi ni wapi ganzi ilipoishia. Kwa kuwa amepita wiki 9 za mwanzo, daktari anaweza kumshushia hadi miligramu 300 au kuisimamisha hiyo peke yake, huku nyingine zikiendelea. Akichelewa kusema, ganzi inaweza kubaki maisha. Macho yakianza ukungu, au nyekundu ikififia, aende siku hiyohiyo.

Sasa hilo la "kusafisha damu", ambalo nalisikia kila wiki na linaniudhi kwa sababu linaharibu kazi iliyokwisha kufanyika. Tuseme anaacha vyote Jumatatu. Linezolidi inaisha mwilini kesho yake, moksifloksasini siku mbili tatu, pretomanidi ndani ya wiki. Bedakwilini haiondoki: hukaa kwenye mafuta na tishu, ikitoka polepole kwa miezi. Kwa hiyo damu haijasafishika. Imebakiwa na dawa moja tu, inayopungua siku hadi siku, mbele ya vijidudu ambavyo bado viko hai. Vilivyo sugu kwa bedakwilini ndivyo vinavyosalia na kuzaana. Hapo njia fupi ya miezi sita imefungwa, na inayobaki huweza kufika miezi 18 au zaidi.

Kikohozi kuisha si ushahidi wa kupona. Ushahidi ni makohozi yanayooteshwa maabara kila mwezi bila kuota kitu.

Na yeyote anayekuuzia mzizi wa kusafisha damu, muulize ini litapimwa na nani. Pretomanidi na bedakwilini tayari zinalitwika ini kazi. Ukichanganya na dawa usiyoijua, macho yakigeuka manjano hatutajua nini kimeliumiza, na tutalazimika kusimamisha vyote. Hata dawa za kiungulia za dukani, zenye magnesiamu au aluminiamu, huizuia moksifloksasini isiingie mwilini zikimezwa pamoja.

Wengi wanaoacha dozi hawaachi kwa uzembe. Wanaumwa na hakuna aliyewauliza. Anayemsimamia mgonjwa kumeza, awe muuguzi au wewe nyumbani, aulize kila wiki maswali manne: miguu, macho, uchovu wa kuishiwa damu, na moyo kwenda mbio au kizunguzungu cha kuanguka. Hilo la mwisho linahitaji kipimo cha moyo leo, si kliniki ijayo.