Kabla hujaweka saini kwenye fomu ya majaribio ya dawa

Mimi ni muuguzi katika majaribio ya dawa, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na mgonjwa, fomu ya ridhaa ikiwa mezani, tukiipitia ukurasa baada ya ukurasa. Wengi huja na maswali ya damu itakayotolewa, sindano na madhara. Ni maswali ya haki. Lakini kuna jambo linalowaponyoka wengi, hata wasomi: kushiriki utafiti ni tofauti na kutibiwa. Daktari wako anapokuandikia dawa, anakuangalia wewe, umri wako, figo zako, dawa nyingine unazomeza. Katika jaribio, dawa utakayopewa huwa imeamuliwa na kompyuta kwa bahati nasibu, na mara nyingi hata daktari aliye mbele yako hajui umeangukia kundi gani. Vipimo vyako vimepangwa ili kujibu swali la watafiti. Huenda ukanufaika, huenda usinufaike, na anayekuhakikishia kwamba utanufaika anakudanganya.

Mzee mmoja mgonjwa wa moyo aliniuliza, "Mwanangu, kama dawa mnayo na mnajua inasaidia, kwa nini nusu yetu mtupe vidonge visivyo na kitu ndani?"

Nilimwambia, "Mzee, hapo kwenye kujua ndipo penye shida. Hatujajua." Kisha nikamsimulia kisa ambacho nadhani kila anayealikwa kwenye jaribio angestahili kukisikia.

Miaka ya 1980 madaktari walijua kwamba baadhi ya watu waliopona mshtuko wa moyo hubaki na mapigo yanayorukaruka, na kwamba watu hao hufa zaidi kuliko wengine. Zilikuwepo dawa za kutuliza mapigo hayo, mbili kati yake zikiitwa enkainidi na flekainidi. Ukimpa mgonjwa, ukimpima tena, mapigo yametulia. Madaktari waliziandika kwa moyo mweupe, wakiamini wanaokoa maisha. Ndipo likafanyika jaribio lililojulikana kwa kifupi kama CAST. Wagonjwa 755 walipewa mojawapo ya dawa hizo mbili, na 743 wakapewa vidonge vinavyofanana navyo ambavyo havina dawa. Baada ya wastani wa miezi 10, waliokunywa dawa walikuwa wamekufa 63. Waliokunywa vidonge vitupu, 26.

Tazama hesabu hiyo vizuri. Kati ya kila watu 100 waliopewa dawa, walikufa karibu 8, na kwa wale wa vidonge vitupu walikufa kati ya 3 na 4. Dawa ilituliza mapigo kama ilivyoahidi, ila kwa wagonjwa wa aina ile ilileta hitilafu nyingine ya mapigo iliyokuwa inaua. Hakuna daktari aliyeweza kuliona hilo kliniki kwake, kwa sababu mgonjwa wa moyo akifariki, kila mtu husema ni moyo wake. Kilichofichua ukweli ni lile kundi la pili. (Flekainidi bado inatumika kwa wagonjwa wengine ambao inawafaa. Kama unaitumia, usiiache kabla ya kuzungumza na daktari wako.)

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama na yeye anaweza kuachwa bila dawa yoyote. Swali hilo liulize hapo hapo, usilisubirishe. Palipo na tiba inayojulikana kufanya kazi kwa ugonjwa mzito, kwa kawaida washiriki wote huendelea nayo, na dawa mpya au kidonge kitupu huongezwa juu yake. Au dawa mpya hushindanishwa na ile ya zamani. Fomu inapaswa kusema wazi ni mpango upi. Ukiona unatakiwa kuacha dawa unayoitegemea, taka uelezwe kwa nini, kwa muda gani, na nani atakuangalia wakati huo.

Jambo la pili la kujua ni awamu, maana hatari na matumaini hubadilika kutoka awamu moja hadi nyingine. Dawa ikishapita maabara na wanyama, awamu ya kwanza huihusisha na watu wachache, mara nyingi 20 hadi 100, wengi wao wakiwa wazima. Swali hapo ni dozi gani mwili unaivumilia. Mwaka 2006 jijini London vijana 6 wenye afya walipewa dawa iliyoitwa TGN1412, mmoja baada ya mwingine ndani ya muda mfupi. Dozi yao ilikuwa ndogo mara 500 kuliko ile iliyoonekana salama kwa wanyama, lakini wote 6 walilazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Walinusurika. Tangu hapo, dawa za namna hiyo hupewa mtu mmoja kwanza, akaangaliwa, kabla ya mwingine kuguswa. Kwa dawa za saratani, awamu ya kwanza kwa kawaida hufanywa kwa wagonjwa wenyewe, na hapo ndipo ninapokuwa mwangalifu zaidi na maneno. Mgonjwa aliyeishiwa na tiba nyingine anasikia "dawa mpya" na moyo wake unaruka. Ni lazima aambiwe kwamba jaribio hilo linatafuta dozi, na kwamba kupona kwake silo swali linaloulizwa.

Awamu ya pili huchukua makumi hadi mamia ya wagonjwa kuona kama dawa inaonyesha dalili yoyote ya kufanya kazi. Dawa nyingi huishia hapo. Kwa jumla, kati ya dawa 10 zinazoingia awamu ya kwanza, ni kama 1 tu inayofika kwa wagonjwa wa kawaida. Awamu ya tatu ndiyo ile aliyoalikwa yule mzee, yenye mamia hadi maelfu ya watu.

Kwa nini maelfu? Chukua dhara baya linalompata mtu 1 katika kila 1,000. Ukijaribu dawa kwa watu 300, uwezekano mkubwa ni kwamba hutamwona hata mmoja, na utaandika kwamba dawa ni salama. Ukitaka uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumwona angalau mmoja, unahitaji watu kama 3,000 wanaomeza dawa yenyewe. Na hata hao hawatoshi kwa madhara yaliyo adimu zaidi, ndiyo maana kuna awamu ya nne ya kuifuatilia dawa ikiwa tayari madukani. Dawa ya maumivu rofekoksibu iliruhusiwa Marekani mwaka 1999, ikaondolewa sokoni mwaka 2004 baada ya kuthibitika kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi.

Sasa tuhesabu miaka. Tuseme jaribio linahitaji wagonjwa 3,000, na kuna vituo 100, kila kimoja kikipata mgonjwa 1 anayefaa kwa mwezi. Hiyo ni miezi 30 ya kuandikisha tu. Wa mwisho kuandikishwa naye lazima afuatiliwe, tuseme miaka 2. Tayari ni miaka minne na nusu, na hiyo ni awamu moja. Ongeza awamu mbili zilizotangulia, kazi ya maabara, kukagua takwimu, na mamlaka ya dawa kupitia maelfu ya kurasa. Jumla hufika miaka 10 hadi 15 bila mtu yeyote kulala kazini.

Wagonjwa wengi hunirudishia hapo kwa chanjo ya Uviko-19, mbona ilipatikana haraka. Jibu liko kwenye jambo moja ambalo halisemwi sana: jaribio husubiri matukio, yaani watu waugue au wapone, mpaka tofauti kati ya makundi ionekane. Mwaka 2020 ugonjwa ulikuwa umetapakaa. Katika jaribio moja la chanjo lenye washiriki zaidi ya 43,000, wagonjwa 170 walipatikana ndani ya miezi michache, 162 katika kundi lisilochanjwa na 8 katika kundi la chanjo. Juu ya hilo, awamu moja ilianza kabla iliyotangulia haijakwisha, na viwanda vikaanza kuzalisha kabla majibu hayajatoka, kwa fedha ambazo zingepotea kama chanjo ingeshindwa. Dawa ya ugonjwa unaokwenda polepole haina njia hiyo ya mkato. Mshtuko wa moyo unaweza kumfikia mgonjwa baada ya miaka mitatu, na hakuna namna ya kuuharakisha.

Turudi kwenye fomu. Tulipomaliza kuisoma, nilimwomba mzee anieleze kama ambavyo angemweleza mkewe nyumbani. Akasema, "Mtanipa dawa mpya ya moyo, na mtanipima bure." Niliisogeza kalamu pembeni tukaanza upya, kwa sababu nusu ya alichosema haikuwa kweli. Siku hiyo hakusaini. Alichukua nakala ya fomu, akaenda kuzungumza na watoto wake, na aliporudi aliweza kuniambia mwenyewe kwamba huenda asipate dawa kabisa na kwamba mimi sitajua. Ndipo akasaini. Kama hujapewa nafasi ya kwenda na fomu nyumbani, iombe. Asiyeweza kusoma ana haki ya kusomewa mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, na shahidi huyo naye husaini.

Ndani ya fomu, mimi humwambia mgonjwa atafute kwanza sehemu ya kuumia: ukipata dhara kwa sababu ya jaribio, nani atalipa matibabu na mpaka wapi. Mara nyingi imeandikwa kwa lugha nzito. Isomwe tena mpaka ieleweke. Kisha angalia namba mbili za simu, ya mtafiti na ya kamati ya maadili, kwa sababu malalamiko dhidi ya mtafiti hayapelekwi kwa mtafiti. Uliza pia kama kuna bodi huru inayochungulia matokeo njiani. Bodi ya namna hiyo ndiyo iliyoona vifo vya CAST, na dawa zile mbili zikasimamishwa mwaka 1989 kabla jaribio halijafika mwisho wake.

Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Ila usiache vidonge kimyakimya. Zipo dawa ambazo ukizikata ghafla zinakuumiza, hivyo toa taarifa upunguziwe dozi kwa utaratibu na upimwe mara ya mwisho. Taarifa zilizokwisha kukusanywa kwa kawaida hubaki katika utafiti. Damu iliyohifadhiwa ni suala jingine, na fomu ieleze kama unaweza kuomba iharibiwe.

Na kabla ya saini, uliza kuhusu siku jaribio litakapokwisha. Kama dawa imekusaidia, utaendelea kuipata au itakatika hapo? Majaribio mengine huendelea kuwapa washiriki mpaka dawa ipate kibali, mengine husimama siku ile ile ya ziara ya mwisho. Jibu liwe limeandikwa kwenye nakala utakayobaki nayo.